Rejesho limenishinda, afisa mikopo anataka kunipa topapu. Nifanyeje?

*Kaka mshauri, salaam. Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi hapa Masasi: misumari, rangi, nondo kidogo, bati za kuagiza. Agosti mwaka jana nilikopa Sh5,400,000 kwenye kampuni moja ya mikopo, miezi 18, riba asilimia 3 kwa mwezi. Rejesho ni Sh462,000 kila tarehe 28. Nimeshalipa marejesho manane bila kuchelewa hata siku moja. Dhamana ni kadi ya pikipiki ya mume wangu, na kaka yangu ndiye mdhamini.*

*Msimu uliopita ubwiri unga uliwapiga wakulima wengi wa huku kwetu, na mtu asiyepata hela ya korosho haezeki nyumba. Sasa hivi faida ya duka ni kama Sh380,000 kwa mwezi, na nyumbani tunatumia Sh200,000 hivi. Novemba mpaka Januari, hata na msimu ule mbaya, nilikuwa napata kama Sh1,200,000 kwa mwezi, na Februari laki nane. Rejesho la Aprili nililipa kwa kuuza nondo chini ya bei niliyonunulia.*

*Nilipomweleza afisa wangu wa mikopo akasema nisiwe na wasiwasi, atanifanyia topapu: mkopo mpya wa Sh5,400,000 kwa miezi 24, unafuta wa zamani, nabaki na hela mkononi, na rejesho linashuka mpaka Sh387,000. Shoga yangu ananiambia nichukue kausha damu ya mwezi mmoja nijisogeze. Mume wangu anataka twende tukaombe wapunguze riba. Mimi naona aibu, na naogopa watakuja kubeba pikipiki. Nifanyeje?*

*Mama Duka, Masasi*

Dada yangu, usisaini hiyo topapu. Anza na hesabu nyepesi kabisa: ukitoa matumizi ya nyumbani unabaki na Sh180,000 kwa mwezi. Rejesho jipya ni Sh387,000. Kwa hiyo hata hiyo nafuu unayoahidiwa ni zaidi ya mara mbili ya ulichonacho, na zile hela za mkononi zitaishia kulipa marejesho ya topapu yenyewe mpaka ziishe, pengine kabla korosho ya kwanza haijafika ghalani.

Tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. Mkopo wako umepigwa riba ya fleti. Walichukua Sh5,400,000 wakagawa kwa miezi 18, wakapata mtaji wa Sh300,000 kwa mwezi. Kisha wakachukua asilimia 3 ya mkopo mzima, Sh162,000, wakaijumlisha kila mwezi. Ndiyo Sh462,000 yako. Riba hiyo haishuki hata deni likishuka. Mwezi wa 18 mtaji utakaokuwa umebaki ni Sh300,000 tu, lakini bado utatozwa riba ya Sh162,000, kana kwamba milioni tano na ushee zote bado ziko mikononi mwako. Ukitafuta riba hiyo ni sawa na asilimia ngapi ya salio linalopungua, unapata karibu asilimia 5 kwa mwezi.

Umeshalipa marejesho manane, yaani mtaji wa Sh2,400,000. Mtaji uliobaki ni Sh3,000,000. Marejesho kumi yaliyobaki yana jumla ya Sh4,620,000, na ndani yake Sh1,620,000 ni riba ya miezi ambayo bado haijafika.

Sasa muulize afisa wako swali moja: hiyo topapu inafuta deni la kiasi gani, Sh3,000,000 au Sh4,620,000? Nina hakika karibu yote kwamba atajibu ya pili, kwa sababu ndivyo mfumo wao unavyosoma. Basi hela ya mkononi si milioni mbili na ushee, ni Sh780,000. Wakikata ada ya mkopo ya asilimia 2, tuseme, inaondoka Sh108,000 na unabaki na Sh672,000. Upande wa pili, miezi 24 ya Sh387,000 inafanya Sh9,288,000. Leo unadaiwa Sh4,620,000. Unaongeza deni la Sh4,668,000 ili upewe Sh672,000 mkononi.

Na kuna jambo baya zaidi limejificha humo. Ile riba ya Sh1,620,000 ambayo miezi yake haijafika itageuzwa kuwa mtaji, halafu nayo itatozwa riba ya asilimia 3 kwa miezi 24. Hapo peke yake utalipa Sh1,166,400, riba juu ya riba. Sisemi afisa wako ni mtu mbaya. Nilikaa kiti kile miaka kadhaa. Afisa mikopo anapimwa kwa kiasi alichokopesha mwezi huo na kwa wateja wasiochelewa, na topapu inampa vyote viwili kwa sahihi moja. Kupanga upya mkopo wa zamani hakumpi mkopo mpya wa kuhesabiwa, na kunampeleka kwa meneja kujieleza. Ndiyo maana hakukutajia.

Kausha damu sitaizungumza sana. Unaziba pengo la Sh282,000 kwa deni la mwezi mmoja wakati pengo lako ni la miezi sita. Mwezi ujao utakuwa na marejesho mawili na faida ileile.

Mume wako ndiye yuko karibu na jibu, ila "kupunguziwa riba" peke yake hakutakutosha. Hata wakikufutia riba yote leo, mtaji wa Sh300,000 kwa mwezi bado unazidi Sh180,000 zako. Ugonjwa wako ni kalenda: unalipa sawasawa kila mwezi wakati hela ya Masasi haiji sawasawa. Kwa hiyo unakwenda kuomba mambo mawili kwa pamoja: marejesho yafuate msimu, na riba ipigwe kwenye mtaji uliobaki badala ya mkopo wa mwanzo.

Kabla hujakanyaga ofisini, omba taarifa ya mkopo wako iliyochapishwa, inayoonyesha kila rejesho ulilolipa na limegawanywaje kati ya mtaji na riba. Hesabu yangu ya Sh3,000,000 imefuata mgawanyo sawa wa fleti. Wako wakopeshaji wanaopeleka sehemu kubwa ya marejesho ya mwanzo kwenye riba, na kwao mtaji uliobaki unaweza kusomeka zaidi ya hapo. Ni bora ulijue hilo ukiwa nyumbani na kikokotoo kuliko mbele ya meneja. Omba pia nakala ya mkataba kama huna, utafute vifungu viwili: adhabu ya kuchelewa ni kiasi gani na inahesabiwa juu ya nini, na mkopaji akimaliza deni mapema anasamehewa riba ya mbele au hasamehewi. Kifungu hicho cha pili kikikupa msamaha, una silaha, kwa sababu wameshakubali wenyewe kwa maandishi kwamba riba ya miezi isiyofika si deni bado.

Kisha andika mpango wako kwenye karatasi moja. Mimi ningeuandika hivi. Mtaji ni Sh3,000,000, riba asilimia 3 ya salio. Kuanzia Mei hadi Oktoba, miezi sita, unalipa riba tupu, Sh90,000 kila mwezi. Unabaki na Sh90,000 nyingine, na hiyo usiile. Iweke pembeni kwa ajili ya bidhaa za msimu, maana Novemba ukiwa na rafu tupu mpango wote umekufa. Novemba unapunguza mtaji kwa Sh600,000, Desemba Sh700,000, Januari Sh700,000, Februari Sh500,000. Ukijumlisha na riba ya salio la kila mwezi, marejesho yanakuwa Sh690,000, Sh772,000, Sh751,000 na Sh530,000. Kufikia mwisho wa Februari mtaji uliobaki ni Sh500,000, nao unaumaliza kwa Sh100,000 kwa mwezi kuanzia Machi hadi Julai, pamoja na riba inayoanzia Sh15,000 na kuishia Sh3,000.

Angalia kama unaubeba. Mwezi mzito ni Desemba. Faida Sh1,200,000, toa nyumbani Sh200,000, toa rejesho Sh772,000, inabaki Sh228,000. Februari, faida laki nane, toa nyumbani na rejesho la Sh530,000, inabaki Sh70,000, hapo pamebana lakini panapita. Nimetumia makusudi takwimu za msimu wako mbaya. Usijaribiwe kuandika matumaini, hata kama salfa itapulizwa vizuri mwaka huu na kila mtu kijiweni anasema mikorosho itachanua. Ukiandika milioni mbili kwa mwezi na meneja akakubali, umejifunga mwenyewe.

Kwa mpango huo riba yote kuanzia sasa hadi mwisho inakuwa Sh828,000, badala ya Sh1,620,000. Unamaliza Julai badala ya Februari, miezi mitano zaidi, na bado unalipa Sh792,000 pungufu. Utajiuliza, kampuni itakubali vipi kupoteza karibu laki nane? Huenda isikubali yote. Lakini mtazame meneja naye anaona nini. Mkopo ukichelewa kuvuka siku 30 unaingia kwenye ripoti anayoulizwa na wakubwa wake. Akikamata pikipiki, pikipiki iliyotumika haiuziki mnadani kwa milioni tatu, tena kuna gharama za dalali na maegesho. Akimfuata kaka yako, anaanza safari nyingine ya usumbufu. Wewe unakuja na marejesho manane safi, hujachelewa, na unamwonyesha mwezi gani hela inatoka wapi. Kwa meneja mwenye akili, hilo ni deni la kushikilia.

Ndiyo maana muda ni mali. Nenda kabla ya tarehe 28 ya mwezi huu. Leo wewe ni mteja mzuri anayetoa taarifa mapema. Ukienda tarehe 5 ya mwezi unaofuata unakuwa mdaiwa anayejitetea, na adhabu zimeshaanza kuhesabiwa juu ya yale unayojadili. Aibu unayoisema naielewa, Masasi ni mji wa kujuana, lakini ukinyamaza atakayekuja dukani ni mkusanya madeni, mbele ya wateja wako.

Usiishie kwa afisa. Yeye hana mamlaka ya kubadili ratiba. Mamlaka ni ya meneja wa tawi au kamati ya mikopo. Mpe afisa heshima yake, mwambie unaomba akupeleke, maana ukimruka atakuwekea kinyongo na faili lako liko mezani kwake. Nenda na mume wako, kwa kuwa kadi ni yake. Beba daftari la mauzo la msimu huu na la msimu uliotangulia, na taarifa ya miamala ya lipa namba kama unaitumia, maana daftari peke yake meneja anaweza kudhani umeliandika jana usiku. Beba na barua. Iwe fupi, mfano huu unatosha:

*"Mimi ni mteja wenu mwenye mkopo namba …, nilioupata Agosti mwaka jana. Nimelipa marejesho 8 kwa wakati. Mapato ya duka langu yameshuka kwa sababu wateja wangu ni wakulima wa korosho waliopata mavuno hafifu. Kwa sasa ninabaki na Sh180,000 kwa mwezi baada ya matumizi ya nyumbani. Ninaomba mkopo huu upangwe upya bila kufunguliwa mkopo mpya: riba itozwe kwenye mtaji uliobaki, Mei hadi Oktoba nilipe riba, na mtaji niulipe kuanzia Novemba kwa ratiba niliyoambatanisha. Ninaomba pia adhabu zisihesabiwe wakati ombi hili linashughulikiwa. Ninaomba jibu kwa maandishi."*

Chapisha nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo nyumbani.

Mazungumzo yenyewe yatakwenda hivi, nimeyasikia mara nyingi kutoka upande ule wa meza. Meneja atasema, "Dada, sisi hatubadilishi riba, mkataba umesaini." Usibishane. Mwambie, "Ni kweli nimesaini, na ndiyo maana nimekuja kuomba. Riba sijaomba mnibadilishie, ni ileile asilimia 3. Ninachoomba ipigwe kwenye milioni tatu iliyobaki." Atasema, "Basi tukupe topapu, ni rahisi zaidi." Mjibu, "Rejesho la topapu ni Sh387,000 na mimi nina Sh180,000. Mwezi wa nne mtanikosa." Halafu nyamaza. Ukimya wako hapo una kazi, mwache yeye ndiye aseme kinachofuata.

Kinachofuata mara nyingi ni ofa ya katikati. Wanaweza kukwambia riba ya salio sawa, lakini iwe asilimia 3.5. Hiyo kubali. Jumla ya riba inakuwa Sh966,000, bado iko chini sana ya Sh1,620,000. Wasipande zaidi ya hapo: asilimia 3.5 kwa mwezi ndiyo kikomo ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Usiingie ofisini na hoja kwamba wamevunja sheria, kwa sababu mkataba wako unasoma asilimia 3 na mjadala wa fleti utawafanya wawe wagumu bure. Kitaje kikomo hicho pale tu wanapotaka kukipita.

Ofa nyingine ya katikati ni kwamba fleti ibaki, lakini jumla isiongezeke: Sh4,620,000 ileile, igawanywe upya kwa msimu, bila adhabu na bila riba ya miezi iliyoongezwa. Hii ndiyo sakafu yako. Ukilipa Sh90,000 hadi Oktoba, Sh900,000 kwa miezi mitatu ya Novemba hadi Januari, Sh560,000 Februari, na Sh164,000 kwa miezi mitano ya mwisho, inatimia. Itakubana kweli, Desemba utabaki na laki moja tu baada ya kula, na Februari utabaki na Sh40,000 tu. Lakini ni bora mara nyingi kuliko topapu. Chini ya sakafu hiyo usisaini siku hiyohiyo. Waombe ukaifikirie nyumbani.

Kuna ofa moja ya kuiogopa ingawa inasikika tamu: "Pumzika miezi mitatu usilipe kitu." Uliza papo hapo, riba ya miezi hiyo inakwenda wapi? Kama inajumlishwa kwenye mtaji, utatoka kwenye mapumziko na deni kubwa kuliko uliloingia nalo. Kwako wewe unayeweza kutoa Sh90,000, kulipa riba kila mwezi ni salama zaidi kuliko kutolipa kabisa.

Wakikubali, kazi haijaisha. Mkopo unaharibika zaidi hapa kuliko kwenye mazungumzo. Meneja anasema "nenda, tumekuelewa", mteja anaondoka na furaha, analipa Sh90,000 tarehe 28, na kompyuta inaisoma kama rejesho pungufu la Sh462,000. Adhabu inajihesabu yenyewe usiku. Baada ya miezi minne meneja kahamishwa, aliyekuja anamwona mdaiwa sugu. Nilishuhudia hilo kwa macho yangu. Kwa hiyo usiondoke bila vitu viwili: nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote, inayosema wazi mkopo uleule umepangwa upya, na ratiba mpya iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo wao. Kama ratiba iliyoandikwa kwa mkono ni nzuri lakini ile ya mfumo bado inasoma Sh462,000, hujapangiwa kitu. Tarehe 29, siku moja baada ya kulipa rejesho la kwanza la aina mpya, rudi uombe taarifa ya mkopo. Mstari wa malimbikizo usome sifuri.

Kaka yako atahitajika kusaini pia. Masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaweza kudai kwamba dhamana yake imekoma, na kampuni haitataka kubeba hatari hiyo. Mwambie mapema, kwa heshima, mkiwa mmekaa, mwonyeshe karatasi ya hesabu. Kwake yeye habari ni nzuri: deni alilodhamini linakuwa dogo. Soma pia kama nyongeza hiyo haijachomeka dhamana mpya, bidhaa za dukani au kiwanja, ambayo haikuwepo mwanzo. Wakopeshaji hupenda kuitumia nafasi hii. Jina lako litaonekana kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji kama mtu aliyepangiwa upya mkopo, na mkopeshaji mwingine anaweza kukuuliza, lakini hilo lina jibu jepesi kuliko kuonekana hujalipa.

Kuhusu pikipiki, leo hawana sababu ya kuigusa, hudaiwi rejesho lililopita tarehe. Soma mkataba unasemaje kuhusu kukamata dhamana, notisi ya siku ngapi na kwa njia gani. Akija mtu bila karatasi yoyote kutaka kuondoka nayo, usimpe ufunguo. Mwombe barua ya kampuni na kitambulisho, na umwite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Wakikataa kabisa, au wakinyamaza, andika barua ya pili yenye kichwa "Malalamiko", uiambatanishe na nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri, na endelea kulipa unachoweza kila tarehe 28 huku ukitunza risiti. Usipojibiwa au usiporidhika, peleka nakala zote kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania. Wana tawi Mtwara mjini, huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Benki Kuu haitailazimisha kampuni ikupe ratiba ya msimu, hilo ni la hiari yao. Inachoweza kushughulikia ni riba iliyovuka kikomo, tozo ambazo hazikuwa kwenye mkataba, kunyimwa taarifa ya mkopo wako mwenyewe, na udhalilishaji wakati wa kukusanya madeni. Kwanza hakikisha kampuni yako ina leseni. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na leseni yenyewe inatakiwa ionekane ukutani ofisini. Kama haimo, nenda Benki Kuu kabla ya kujadiliana nao chochote.

Novemba hela ikianza kuingia utaona kishawishi cha kumaliza mkopo wote Januari. Kama umepata riba ya salio, fanya hivyo ukiweza, kila mtaji unaoupunguza mapema unapunguza riba ya mwezi unaofuata. Kama umebaki kwenye fleti yenye jumla isiyobadilika, kuwahisha hakukupunguzii kitu mpaka wakubali kwa maandishi kukusamehe sehemu, kwa hiyo ni afadhali hiyo hela uinunulie bati. Siku ya rejesho la mwisho usitoke ofisini bila barua ya kumaliza deni na kadi ya pikipiki mkononi. Wakikwambia kadi iko makao makuu, waandikishe tarehe ya kuileta na mtu aliyeahidi asaini.